Sabuni ya kipande au ya maji kwa mtoto mwenye ukurutu? Chupa inasema haina harufu lakini bado anajikuna

Mama Pendo (Umoja)
Habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua, si wauzaji, na nawajua mko humu.

Msichana wangu ana miaka mitano na ukurutu anao tangu akiwa mchanga. Unamshika kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ngozi inakuwa ngumu, inageuka kijivu halafu inakuwa nyeusi kuliko kwingine, na usiku anajikuna mpaka shuka linapata damu. Daktari alituambia tuachane na sabuni zenye manukato. Tulikuwa tunatumia kipande cha sabuni ya watoto, ile inayonukia mpaka kwa jirani. Nikaingia supamaketi nikanunua sabuni ya maji ya kuogea, ya bei, mbele imeandikwa "unscented" na "for sensitive skin".

Mikunjo imetulia kidogo. Lakini sasa amepata upele mpya shingoni na kwenye kope, mahali ambapo hakuwahi kuwa nao. Mama mkwe anasema turudi kwa sabuni ya mche, eti ndiyo iliyowalea wote. Maji yetu ni ya kisima cha ploti, yale yanayoacha weupe kwenye birika.

Swali: kipande au maji? Na kama chupa haina harufu, huu upele umetoka wapi?

Jabali_254
Shida ni pH tu, dada, yaani kipimo cha asidi na alkali. Ngozi ya mtu iko karibu na 5, sabuni ya kipande iko 9 au 10. Ndiyo maana ukioga unahisi ngozi inavutwa. Sabuni za maji zote ziko chini, kwa hivyo maji yanashinda kipande, mjadala umeisha. Upele mpya ni ngozi inatoa uchafu wa ile sabuni ya zamani. Vumilia utaona.

Mkemia wa Viwandani
Jabali, nusu ya kwanza ni kweli, hiyo ya kutoa uchafu achana nayo. Ngozi haitoi sabuni ya mwezi uliopita kwa njia ya upele. Upele kwenye kope za mtoto ni jambo la kufuatiliwa. Mama Pendo asivumilie kitu.

Nimechanganya sabuni Industrial Area miaka mingi, kwa hivyo nieleze jinsi tunavyoiona sisi. Kipande au maji ni umbo tu, haliambii chochote kuhusu kilichomo. Sabuni halisi ni mafuta yaliyopikwa na kostiki soda. Ikitoka hapo pH yake ni 9 hadi 10 na haishuki, hata uiite ya watoto au ya asali. Ukijaribu kuishusha kwa asidi inavunjika na kurudi kuwa mafuta. Aina ya pili ni sindeti, yaani visafishaji vya kutengenezwa kiwandani ambavyo si sabuni kabisa. Hivyo unaweza kuviweka kwenye pH ya ngozi bila kuharibika, na unaweza kuvifinyanga viwe kipande. Dove ya kipande ilipotoka Marekani mwaka 1957 ilikuwa hivyo, na bado iko hivyo, ingawa ile ya kawaida ina manukato. Kwa upande mwingine, ukipika mafuta na kostiki ya potasiamu badala ya sodiamu unapata sabuni halisi ya maji, na pH yake inakwaruza vilevile.

Kwa hivyo Jabali, "za maji zote ziko chini" si kweli. Na zile za jerikeni za lita 20 mnazonunua mtaani, za ungaroli na salfoniki, pH yake inategemea mkono wa aliyechanganya siku hiyo na soda aliyomwaga. Wengine wanatia fomalini isioze. Hizo ni za vyombo na choo. Zisiguse mtoto mwenye ukurutu.

Zuhura Sabuni Asilia
Mama Pendo pole sana. Kabla hujamwaga pesa kwa kemikali, natengeneza vipande kwa mkono, nazi na shea, mafuta ya ziada asilimia nane, hazina manukato yoyote ya dukani. Natia mafuta ya lavenda safi tu, ya kutuliza. Wateja wangu wa ukurutu wanarudi kila mwezi. Naweza kukuletea hadi Buruburu.

Mama Pendo (Umoja)
Nilisema si wauzaji jamani 😀 Lakini Zuhura, hayo mafuta ya ziada hayasaidii?

Mkemia wa Viwandani
Yanasaidia kidogo, sabuni inakuwa haikaushi sana. Hayashushi pH. Asilimia nane ya mafuta yasiyopikwa yanakaa ndani ya sabuni ambayo bado ni sabuni.

Zuhura, sikushambulii, kazi ya mikono naiheshimu. Ila lavenda ni manukato. Kutoka kwenye ua au kutoka maabara, ngozi inakutana na molekuli zilezile. Mafuta ya lavenda yana linaloli kwa wingi, na ya machungwa na ndimu yana limonini. Zikiwa mpya hazina makali sana. Zikikaa na kukutana na hewa zinageuka kuwa vitu vinavyoamsha mzio kwa urahisi zaidi. Kipande kilichokaa wazi bafuni ndiyo mahali pake hasa. Toa lavenda, uza kitupu, na hapo hata mimi nitakutetea kwa mtu mwenye ngozi ya kawaida.

Mama Pendo, kuhusu sabuni ya mche ya mama mkwe: ni sabuni halisi, ya kufulia. Na kwa maji yako ya kisima ni mbaya zaidi, kwa sababu chokaa iliyo majini inashikana na sabuni inakuwa utando mweupe usioyeyuka. Ndiyo ile mistari kwenye beseni. Utando huo unabaki kwenye mikunjo ya mtoto pia. Sindeti haifanyi hivyo.

Ukitaka kujua ulicho nacho bila kunitumia sampuli, kwangua kijiko cha chai cha kipande, kitikise kwenye glasi ya maji ya chupa ya uvuguvugu mpaka kitoe povu zuri. Mimina vijiko viwili vikubwa vya siki, tikisa tena. Kama povu limekufa na maji yamekuwa kama maziwa yenye vijibonge, hiyo ni sabuni halisi. Kama povu limebaki, ni sindeti. Tazama povu, si rangi ya maji, kwa sababu sindeti nyingi za kipande zina nta ya mafuta ndani na zitaleta ukungu hata hivyo.

Sasa geuza ile chupa. Tuandikie kila kitu kilicho nyuma, kwa mpangilio wake.

Kamaa Rongai
Samahani wazee, mimi naendesha matatu. Nikioga na hii isiyo na manukato si nitanuka mbele ya abiria? Halafu nina duara shingoni, linawasha, katikati limepona lakini pembeni linapanda. Ni ukurutu huo?

Sista Nyambura
Kamaa, harufu ya kwapa inatokana na vijidudu na jasho, na sabuni inaondoa vyote viwili, iwe inanukia au hainukii. Manukato yanafunika tu. Utakuwa sawa.

Hilo duara linaloponea katikati linasikika kama choa. Ni fangasi, dawa yake ni tofauti kabisa, na sabuni hii tunayojadili haitakusaidia. Nenda famasi au kliniki waliangalie. Usipake krimu ya steroidi ya rafiki, itatulia wiki moja halafu ienee.

Mama Pendo (Umoja)
Nimeikopi yote nikiwa na miwani: "Aqua, Sodium Laureth Sulfate, Cocamidopropyl Betaine, Sodium Chloride, Glycerin, Avena Sativa Kernel Extract, Parfum, Citric Acid, Methylchloroisothiazolinone, Methylisothiazolinone".

Nimeona "Parfum". Si mbele wameandika "unscented"??

Mkemia wa Viwandani
Ndiyo, na kwa lugha ya kiwandani hawajadanganya. Malighafi zina harufu zake, nyingine ya samaki, nyingine ya karatasi mbichi. Wakitaka bidhaa isinuke kitu, wanaweza kuacha ile harufu ya asili, au kutia manukato kidogo ya kuifunika mpaka pua isisikie chochote. Ile ya pili ndiyo mara nyingi huitwa "unscented". Pua yako haisikii, ngozi ya Pendo inasikia. "Fragrance free" inapaswa kumaanisha hakuna kilichotiwa kwa ajili ya harufu, na kampuni nyingi zinafuata hivyo, lakini hata hayo maneno ni ya upande wa mbele. Marekani kwa mfano hakuna sheria inayosema "hypoallergenic" maana yake nini, kila kampuni inajiamulia. Upande wa mbele umeandikwa na watu wa mauzo. Nyuma ndiko kuna orodha.

Nyuma unatafuta "Parfum", "Fragrance" au "Aroma". Halafu majina ya mafuta ya mimea, mfano "Lavandula" au "Citrus" ikifuatiwa na "Oil". Halafu mwishoni majina kama "Linalool", "Limonene", "Geraniol", "Citronellol". Hayo yanaandikwa peke yake kwa sababu sheria ya Ulaya inalazimisha, na bidhaa nyingi zinazouzwa hapa zimefungwa kwa soko hilo. Orodha yao ya kwanza ilikuwa na 26, na mwaka 2023 wakaipanua ikapita 80.

Kitu kimoja ambacho hamfundishwi: tazama chumvi ilipo. Hiyo "Sodium Chloride" ni ya kufanya sabuni iwe nzito, na kwa kawaida iko kama asilimia moja au mbili. Orodha inashuka kutoka kingi hadi kidogo, na vilivyo chini ya asilimia moja vinaweza kupangwa vyovyote. Gliserini na shayiri vinakuja baada ya chumvi. Kwa hivyo ile picha kubwa ya shayiri mbele ya chupa ni ya kitu ambacho ndani kipo kwa kuonjesha.

Ila sidhani "Parfum" ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza. Tazama yale majina mawili marefu ya mwisho. Ni vihifadhi. Sabuni ya maji ina maji, na majini vijidudu vinaota, kwa hivyo lazima itiwe kitu cha kuzuia. Kipande kikavu hakihitaji sana, na hiyo ndiyo faida ya kweli ya kipande ambayo watu hawaisemi. Hicho cha mwisho kilileta mzio kwa watu wengi kiasi kwamba chama cha madaktari wa mzio wa ngozi Marekani kilikitangaza kuwa kizio, yaani kitu kinacholeta mzio, cha mwaka 2013. Ulaya ilikipiga marufuku kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha, na kwenye vya kusuuza wakakibana mpaka asilimia 0.0015.

Jabali_254
Kwa hivyo maji yana vihifadhi na kipande kina pH. Mtu aoge na nini, mate?

Mkemia wa Viwandani
Kipande cha sindeti kisicho na manukato. Nyuma, jina la kwanza au la pili liwe kama "Sodium Cocoyl Isethionate" au "Sodium Lauroyl Isethionate", badala ya "Sodium Palmate" au "Sodium Tallowate". Na "Parfum" isiwepo popote. Bei ni karibu mara tatu ya kipande cha kawaida, lakini ukikiweka mahali pakavu kinadumu. Sabuni ya maji inaweza kufaa pia, mradi vihifadhi si vile viwili. Sijafunga mlango.

Sista Nyambura
Mmezungumza vizuri, lakini hakuna aliyeuliza swali ninalouliza mimi kliniki kabla ya lolote. Mama Pendo, akishatoka kuoga anapakwa nini?

Mama Pendo (Umoja)
Jeli ya watoto. Ile ya pinki. Asubuhi na jioni mwili mzima, daktari alisema tusimwache akauke.

Sista Nyambura
Inanukia?

Mama Pendo (Umoja)
Inanukia vizuri sana 😔 Nimeigeuza sasa hivi. "Petrolatum, Paraffinum Liquidum, Parfum, Linalool, Citronellol" na rangi.

Sista Nyambura
Haya basi. Sabuni inakaa mwilini dakika moja inasuuzwa. Jeli inakaa kutwa na kucha, chini ya nguo, kwenye ngozi iliyopasuka. Hiyo sheria ya Ulaya aliyoitaja Mkemia inalijua hilo: kwa bidhaa ya kusuuza majina yanaandikwa kikizio kikipita asilimia 0.01, kwa ya kupaka na kuacha ni 0.001. Mara kumi. Umebadilisha sabuni ukaacha jeli.

Tafuta jeli nyeupe tupu, ile ambayo nyuma imeandikwa "Petrolatum" au "White Soft Paraffin" na hakuna kingine. Famasi wanayo. Haina maji, kwa hivyo haihitaji kihifadhi.

Sasa kuoga kwenyewe. Maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi. Sabuni makwapani, sehemu za siri, miguuni na mikono iliyochezea tope. Mikunjo yenye ukurutu ipite maji tu, au sindeti kidogo sana kwa kiganja, bila dodoki. Mkaushe kwa kugusagusa, na apakwe jeli ngozi ikiwa bado na unyevu, hapohapo bafuni. Kama bei ya kile kipande inakusumbua, omba famasi marhamu nyeupe ya kuoshea, "Emulsifying Ointment". Chota kijiko, koroga kwenye maji ya moto kidogo mpaka iwe kama uji, iache ipoe, msugue nayo, suuza. Nimewapa wazazi wengi na ni rahisi.

Mkemia wa Viwandani
Sista, hapo tutakosana kidogo. Marhamu hiyo ina nta ya kuchanganyia, na ndani ya nta hiyo kuna sodiamu laurili salfeti. Ukipiga hesabu inafika kama asilimia tatu ya marhamu yote. Ile krimu nyepesi ya jamii hiyo, "Aqueous Cream", ina kama asilimia moja tu, na bado Uingereza walitoa onyo juu yake mwaka 2013 kwa watoto wenye ukurutu.

Sista Nyambura
Onyo lilikuwa hasa kwa wanaoipaka na kuiacha. Mimi nasema ya kuoshea, na uji ule umechanganywa na maji mengi. Kwa mama anayehesabu mia mbili ya wiki, ni bora kuliko kipande cha kunukia.

Mkemia wa Viwandani
Kuliko hicho, nakubali. Kuliko sindeti, sikubali.

Sista Nyambura
Tubaki hapo. Wazazi wangu hawajanirudia wakilia.

Otieno Pipeline
Mimi niliambiwa shida ni maji ya kisima tu, nikanunua chujio la elfu kadhaa la kulainisha maji. Mnaonaje, Mama Pendo naye anunue?

Sista Nyambura
Asinunue kwanza. Uingereza walijaribu hilo kwa watoto 336 wenye ukurutu, matokeo yakatoka mwaka 2011. Nusu waliwekewa mashine za kulainisha maji nyumbani pamoja na matibabu yao, nusu wakaendelea na matibabu tu. Hapakuwa na tofauti ya maana. Utando wa sabuni aliousema Mkemia ni wa kweli, lakini tiba yake ni kubadilisha sabuni.

Mama Pendo (Umoja)
Asanteni. Nibadilishe vyote kesho?

Mkemia wa Viwandani
Ukibadilisha vyote hutajua ni kipi, lakini mtoto anajikuna, kwa hivyo mimi ningeondoa vyote viwili leo. Baadaye ukitaka kujua, rudisha kimoja. Jeli unaweza kuijaribu kwa usalama kidogo: ukurutu ukiwa umetulia, paka kiasi cha sarafu ndani ya mkono, mahali pazima, mara mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili. Vipele vikitokea papo hapo, umepata jibu. Usifanye hivyo na sabuni. Sabuni isiyosuuzwa itachoma ngozi ya mtu yeyote na utailaumu bure.

Na usitegemee jibu la haraka. Mzio wa aina hii unachukua siku moja hadi tatu kujitokeza baada ya kuguswa. Wengi wanasema "nimeijaribu asubuhi, jioni hakuna kitu", wanaendelea nayo.

Sista Nyambura
Na jaribio la nyumbani halitoshi kwa kope. Kipimo chenyewe ni kile cha kubandika mgongoni: vizio vinabandikwa vinakaa saa 48, vinasomwa, vinasomwa tena siku mbili baadaye. Muulize daktari wa ngozi kama anakifanya. Wengi wetu mahospitalini hatukifanyi.

Na kama mikunjo ikianza kutoa maji, ikapata ukoko wa rangi ya asali, au mtoto akapata homa au malengelenge yanayouma, uzi huu uache uende hospitali siku hiyohiyo. Hiyo si habari ya sabuni tena.

Zuhura Sabuni Asilia
Nimesoma yote. Mkemia, nikitoa lavenda wateja watasema sabuni inanuka mafuta.

Mkemia wa Viwandani
Itanuka mafuta. Waambie hivyo kwenye karatasi ya kufungia, kabla hawajanunua.

Mama Pendo (Umoja)
Nimerudi baada ya wiki kadhaa. Jeli ya pinki imepewa shangazi yake kwa visigino. Tumepata nyeupe tupu, na kipande cha sindeti nilikipata duka la dawa mjini. Nilikifanyia siki, povu likabaki. Kile cha zamani kikawa kama maziwa yaliyoganda, mama mkwe alikuwepo akatazama na hakusema kitu.

Viwiko na magoti vimelainika, weusi bado upo lakini haukwaruzi. Analala. Shingo imepona upande mmoja. Kope bado zinawasha, hasa Jumatatu na Jumanne.

Sista Nyambura
Weusi utachukua miezi, usiusugue wala usiupakie krimu ya kung'arisha. Jumatatu na Jumanne, kwani Jumapili anafanywa nini?

Mama Pendo (Umoja)
Anasukwa nywele.

Mkemia wa Viwandani
Anasukwa na mafuta gani? Andika yaliyo nyuma ya kopo. Na ya shampuu pia, maana ikisuuzwa inashukia shingoni na usoni.

Mama Pendo (Umoja)
Kopo liko kwa msusi. Nitapita kesho nikitoka kazini nilipige picha.